Uiache springi ififie yenyewe au uisukume utafute kilele? Njia mbili za kupata Q

Swali hili linarudi kila msimu wa praktiko: una springi na mzigo, au bapa la chuma limebanwa kwenye meza, unataka kujua mtikisiko wake unakufa haraka kiasi gani, sasa uuvute uachie uangalie unavyofifia, au uufunge kwenye vibreta uusukume kwa frikwensi tofauti tofauti halafu uchore grafu ya kilele? Vitabuni zimewekwa kama mada mbili, sura hii mtetemo unaofifia, sura ile rezonansi, na wengi wanatoka hapo hawajui kwamba zote zinapima kitu kilekile. Hicho kitu ni Q, namba inayokwambia springi ina ubahili kiasi gani wa nishati yake. Q kubwa inapoteza kidogo kila mzunguko, Q ndogo inamwaga.

Fomula zenyewe ni fupi, ziweke hapa tusizirudie rudie:

```
d = (1/n) * ln(A0/An)
Q = pi / d          (kufifia)
Q = f0 / (f2 - f1)  (kilele)
```

d ni kipimo cha amplitudo inavyopungua kila mzunguko, A0 ni amplitudo ya kuanzia, yaani umbali toka katikati mpaka mwisho wa mtikisiko, An ni amplitudo baada ya mizunguko n. Kwenye kilele, f0 ni frikwensi ya kileleni na f1 na f2 ni zile mbili, huku na huku, ambapo amplitudo imeshuka mpaka ile ya kileleni gawanya kwa 1.414. Ndo hayo tu. Kazi iko kwenye kuzipata hizo namba bila kujidanganya.

Tuchukue mfano mmoja tuutumie kote. Mzigo wa kilo 0.5, springi yenye ugumu wa N/m 50, na chini ya mzigo umebandika sahani ya kadibodi ili hewa iipige breki kidogo. Ukipiga hesabu, frikwensi yake ya asili inatoka 1.59 Hz, mzunguko mmoja sekunde 0.63. Inaenda taratibu kiasi cha jicho kuifuata ukiwa na rula nyuma yake, na simu ikirekodi video ndo mambo yanakuwa mepesi kabisa.

Kuiachia ififie

Unaivuta chini milimita 60, unaachia, unarudi kwenye video kusoma rula kila inapofika mwisho wa chini. Tuseme baada ya mizunguko 5 unasoma 36, baada ya 10 unasoma 22, baada ya 20 imebaki 8, na kwenye 30 iko 3 tu. Chukua ile ya 10: 60 gawanya kwa 22, bonyeza ln, inakuja 1.0, gawa kwa 10 d ni 0.10, kwa hiyo Q ni 31 na kidogo. Kazi nzima sekunde 20 za video, na vifaa ni rula na simu.

Sasa swali ambalo watu hawaulizi: kwa nini mzunguko wa 10, si wa kwanza, na si wa 30? Tuseme jicho lako linakosea milimita moja kwenye kila usomaji. Baada ya mzunguko mmoja springi imetoka 60 ikaja 54, yaani tofauti yote unayoipima ni milimita 6 hivi, na kosa la milimita moja huku na moja kule linakuachia Q yenye shaka ya robo nzima. Ukienda mpaka wa 30, amplitudo ni 3 na kosa ni 1, shaka inarudi kwenye asilimia 11 hivi. Pale kwenye 10, amplitudo ikiwa imebaki kama theluthi na ushee, shaka inashuka mpaka kama asilimia 5, na hesabu inaonyesha hapo ndo pazuri kuliko pengine popote kama unatumia usomaji miwili tu. Kwa hiyo usihesabu mizunguko kumi kwa sababu mwongozo umesema kumi, hesabu mpaka amplitudo ibaki kama asilimia 37 ya mwanzo, iwe ni mizunguko 4 au 400.

Ila mi nasema usisome miwili, soma mingi uchore ln ya amplitudo dhidi ya namba ya mzunguko. Hapa njia hii inaipita ile nyingine mbali sana, kwa sababu umbo la huo mstari linakwambia breki ni ya aina gani. Ukipata mstari ulionyooka basi breki inaenda sawia na spidi, na Q ni namba moja halali. Ukipata mkunjo unaoshuka kwa kasi mwanzoni halafu unalegea, hiyo ni hewa inayopiga kwa mraba wa spidi, na sahani kubwa ya kadibodi inafanya hivyo sana kwenye mitikisiko mikubwa. Na ukiona amplitudo yenyewe, kabla hata ya ln, inapungua kwa kiasi kilekile kila mzunguko, 60, 58.4, 56.8, 55.2, hadi inasimama ghafla bila kukata roho polepole, ujue kuna msuguano mkavu mahali, mzigo unagusa rula au uzi unasugua kwenye ndoano. Kwa springi yetu msuguano mkavu wa niutoni 0.02 tu unatosha kula milimita 1.6 kila mzunguko. Hapo kutafuta Q ni kujichosha, maana kila amplitudo itakupa Q yake, rekebisha ndoano kwanza.

Kuna ugonjwa mwingine wa springi ya kuning'inia unaowachanganya watu mpaka wanadhani fizikia imeharibika. Mzigo unaanza kupanda na kushuka vizuri, amplitudo inapungua haraka kuliko ulivyotegemea, kidogo ukiangalia springi inabembea kushoto na kulia kama pendulamu, halafu baada ya muda kubembea kunaisha na kupanda na kushuka kunarudi juu! Nishati haikupotea, ilihamia upande. Hii inatokea frikwensi ya kupanda na kushuka ikiwa karibu mara mbili ya ile ya kubembea, ambayo kwa mzigo wetu ni pale urefu toka sehemu ya kuning'inizia mpaka katikati ya mzigo unapofika kama sentimita 39. Amplitudo inayopungua halafu ikaongezeka haifai kuingia kwenye fomula. Ongeza au punguza uzi wa juu sentimita 10, 15 hivi, ugonjwa unaisha.

Kuisukuma utafute kilele

Hapa sehemu ya juu ya springi unaifunga kwenye vibreta inayocheza milimita 1 tu juu na chini. Kwenye rezonansi mzigo utacheza kama Q mara ya hiyo, yaani milimita 31. Unabadilisha frikwensi kwenye jenereta, unasubiri, unasoma amplitudo, unaweka nukta, unaendelea.

Tatizo la kwanza ni hatua za jenereta. Upana wa kilele chetu ni 1.59 gawa kwa 31, yaani 0.05 Hz. Jenereta nyingi za maabara za shule zinaruka kwa 0.1 Hz. Angalia kinachotokea: kwenye 1.5 Hz unasoma milimita 8.3, kwenye 1.6 unasoma 29.9, kwenye 1.7 unasoma 7.2, unaunganisha nukta kwa rula unapata kilele kizuri kabisa cha pembetatu. Unagawa 29.9 kwa 1.414, unapata 21.1, unaisoma inapokata pembetatu kushoto kwenye 1.559 na kulia kwenye 1.639, upana 0.080, Q inatoka 20. Grafu safi, hesabu safi, jibu limekosea kwa theluthi nzima, na hakuna chochote kwenye karatasi kinachokuonya isipokuwa ukweli kwamba una nukta moja tu juu ya ule mstari wa 21.1.

Rudia na hatua za 0.01 Hz karibu na kilele na namba zinabadilika: 1.56 inakupa 19.5, 1.57 inakupa 23.7, 1.59 ndo kilele 31.2, 1.61 iko 25.6, 1.62 iko 21.0. Kilele gawa kwa 1.414 ni 22.1, mstari unakata kwenye 1.566 na 1.618, upana 0.052, Q karibu 31. Inalingana na ile ya kufifia. Kipimo changu ni kwamba kama huna angalau nukta tano juu ya mstari wa kukatia, bado hujapima upana wowote.

Tatizo la pili ni haraka. Ukibadilisha frikwensi, mzigo hauhamii moja kwa moja kwenye amplitudo mpya, mtikisiko wa zamani unakufa polepole kwa kasi ileile ya kufifia, huku mpya ukijengeka. Kwa springi yetu amplitudo inashuka mpaka asilimia 37 kila sekunde 6.3, kwa hiyo kusubiri sekunde 31 ndo kunabakiza chini ya asilimia 1 ya ule wa zamani. Nukta 12 zinakula dakika sita za kusubiri tu, bado hujasoma kitu. Asiyesubiri anajulikana: amplitudo inapanda na kushuka mbele ya macho yake na anachagua ile anayoipenda. Ukiwa kwenye 1.55 Hz, kwa mfano, huo upandaji na ushukaji unajirudia kila sekunde 24 hivi, kwa sababu frikwensi ya zamani na mpya zimetofautiana kwa 0.042 tu. Ukiuona, kaa utulie mpaka uishe.

Na wenye jenereta inayojizungusha yenyewe toka frikwensi ya chini mpaka ya juu wanakutana na sura nyingine ya tatizo hilohilo. Ikipita haraka, kilele kinapungua urefu, kinanenepa, na kinasogea mbele kuelekea upande mzungusho unakoelekea, halafu nyuma yake kunakuwa na vijiwimbi. Kukamata hilo ni rahisi mno, zungusha mara moja kupanda na mara moja kushuka. Vilele viwili vikitua mahali pamoja uko sawa, vikitofautiana punguza spidi. Ila angalia, kama hata ukienda taratibu kabisa bado havikubaliani, na amplitudo inaruka ghafla badala ya kushuka kwa mteremko, hapo springi yenyewe si sawia tena, inakuwa ngumu au laini zaidi ikivutwa sana, kilele kimelala upande mmoja. Punguza msukumo mpaka kisimame wima ndo usome upana.

Tatizo la tatu la kijinga ila limeua maksi nyingi: kukata kilele nusu badala ya kugawa kwa 1.414. Ukikata amplitudo nusu upana unakuwa mkubwa mara 1.73, na Q yako ya 31 inageuka 18. Nusu ni sahihi pale tu mhimili wa wima ni nishati au pawa, si amplitudo. Kama kipimo chako kinasoma desibeli, ni desibeli 3 chini ya kilele, na hapo haijalishi.

Namba zikigombana

Umefanya zote mbili, kufifia kumekupa 31 na kilele kimekupa 24, na grafu zote ziko sawa. Kabla ya kumlaumu mtu angalia kilichofungwa juu. Wakati wa kuachia ififie ulifunga springi kwenye nondo ngumu ya stendi, wakati wa kusukuma ulifunga kwenye vibreta, na vibreta ni koili ndani ya sumaku, mzigo ukiivuta inazalisha umeme kidogo na huo umeme unapita kwenye jenereta na kula nishati. Yaani umepima vitu viwili tofauti. Ukitaka ulinganisho wa haki acha springi kwenye vibreta, isukume mpaka kileleni, halafu weka ukubwa wa mawimbi sifuri bila kuchomoa waya, na urekodi inavyofifia hapohapo. Ikikupa 24 basi hakuna aliyekosea, breki ya ziada ni ya vibreta.

Sababu ya pili ni amplitudo. Kufifia kulianza kwenye 60, kilele kilikuwa 31 pale juu na 22 kwenye kingo. Kama ule mstari wa ln ulikuwa na mkunjo, chukua mteremko wake kwenye eneo la 22 mpaka 31 tu, na mara nyingi ugomvi unaisha.

Sasa uchague ipi

Kwa Q kubwa, mi sina mjadala, achia ififie. Chukua kristali ya saa ya mkononi ya 32,768 Hz, Q yake ikiwa ndani ya vakyumu yake inafika makumi ya maelfu. Weka Q 50,000 kwenye fomula, upana wa kilele ni kama 0.66 Hz kwenye frikwensi ya elfu 32, unahitaji jenereta yenye hatua ndogo kuliko hapo na isiyoyumba, wakati amplitudo inachukua karibu nusu sekunde kufifia mpaka kama theluthi ya mwanzo, oskiloskopu ya kawaida inakushikia yote kwa mpigo mmoja.

Kama kuna mitikisiko miwili yenye frikwensi za karibu, mfano bapa linalopinda na kujisokota, chagua kilele. Kwenye kufifia utaona amplitudo inapumua juu na chini na huwezi kujua ipi ni ipi, kwenye grafu ya kilele unaona vilima viwili, na kila kimoja unakisoma peke yake mradi havijabebana. Kilele pia ndo njia kama unachotaka si Q bali frikwensi za kuepuka, fundi wa jenereta ya dizeli anayetaka kujua fremu inatikisika vibaya kwenye spidi gani ya injini hana shida na ln.

Q ndogo ndo inanoga, na mfano mzuri uko kwenye magari. Fundi anabonyeza kona ya gari, anaachia, anaangalia linarudi mara ngapi. Hiyo ni njia ya kufifia. Gari lenye shokapu nzima lina Q kama 2, na kwa Q hiyo baada ya mzunguko mmoja amplitudo imebaki kama asilimia 20, yaani umelibonyeza sentimita 5 linarudi 1 na kutulia. Hakuna mizunguko ya kuhesabu, hakuna mstari wa kuchora, na mkono wako wenyewe kwenye boneti unaongeza au kupunguza. Inakamata shokapu iliyokufa kabisa, ila ile iliyochoka nusu inapita. Tena kubonyeza boneti kunatikisa bodi kwenye 1 mpaka 2 Hz, wakati kinachokupotezea gripu barabarani ni tairi lenyewe kudundadunda chini ya bodi kwenye 10 mpaka 15 Hz hivi, na hilo fundi hata hajaligusa.

Ndo maana vituo vya ukaguzi vya Ulaya vinavyopima shokapu kwa mashine ya aina ya EUSAMA vilienda njia ya pili, ya kusukuma. Tairi linakaa juu ya bamba linalotikiswa milimita 3 juu na 3 chini kwa 25 Hz, halafu mota inazimwa, bamba linapunguza mwendo lenyewe na frikwensi inateremka mpaka sifuri, ikipita kwenye rezonansi ya tairi njiani. Mashine inasoma uzito unaobaki kukandamiza bamba pale unapokuwa mdogo kabisa, inaugawa kwa uzito wa tairi hilohilo kwenye bamba likiwa limetulia, inakupa asilimia. Na usishangae kwamba wanapita haraka hivyo bila kusubiri sekunde 31 kila nukta, Q ikiwa ndogo mtikisiko wa zamani unakufa ndani ya mzunguko mmoja au miwili, kwenye 12 Hz hiyo haifiki hata robo sekunde.

Kitu cha kuangalia ukiwa na Q ndogo ni kwamba kilele cha grafu hakikai tena kwenye frikwensi ya asili. Kwenye Q ya 2 kilele cha amplitudo kinakuja kwenye asilimia 93.5 ya frikwensi ya asili, wakati mtikisiko unaofifia wenyewe unaenda kwa asilimia 96.8, kwa hiyo njia mbili zitakupa frikwensi mbili na zote ziko sahihi. Kwa springi yetu ya Q 31 tofauti hiyo haifiki hata asilimia 0.03, usihangaike nayo. Q ikishuka chini ya 0.71 kilele kinapotea kabisa, grafu inateremka tu toka kushoto, na ile fomula ya upana haina pa kushika. Hapo usikate kilele wala usihesabu mizunguko, chukua grafu nzima uifitishe kwenye ekwesheni yake kwa kompyuta.